UZI: Mdogo wangu hawezi kushika pedi ya gemu kwa mkono wa kulia. Tuanze na mipangilio au tununue kifaa?

Mwana_Chumbageni

Habari za jioni, wadau. Mdogo wangu ana miaka 19. Mwaka juzi alianguka na bodaboda na mishipa ya fahamu ya bega la kulia ikaumia. Mkono wa kushoto ni mzima kabisa. Wa kulia vidole havifungi na kiganja kinaning'inia, lakini kiwiko kinakunja na kunyoosha, na anaweza kukandamiza kitu mezani kwa kigasha bila shida. Hospitali tumeshamaliza na mazoezi anaendelea nayo, kwa hiyo naomba tusirudi huko.

Ninachouliza ni hiki. Kabla ya ajali alikuwa mchezaji mzuri sana wa mpira kwenye PS4, na sasa anakaa pembeni akiangalia wenzake. Nimesikia zipo pedi maalumu kwa watu ambao mikono yao haifanyi kazi yote, na kwamba mashine zenyewe zina mipangilio ya kusaidia. Kwa hali kama yake, mtu anaanzia wapi? Na vifaa hivyo vinapatikana wapi kwa sisi tulio Tanga?

KingPedi254

Kaka, pole kwa mdogo wako. Kifaa unachokitafuta kinaitwa Xbox Adaptive Controller. Kilitoka mwaka 2018 na bei yake ya dukani Marekani ni dola 99.99. Ni ubao mweupe wenye vitufe viwili vikubwa kama visahani, na kina Bluetooth, kwa hiyo utakiunganisha na mashine yoyote, hata hiyo PS4 yenu. Agiza hicho na kazi itakuwa imekwisha.

Utengamao_Moshi

Ndugu KingPedi, kifaa umekitaja vizuri na bei umeitaja vizuri, ila hapo kwenye PS4 utampoteza mwenzetu fedha. Kifaa hicho kimetengenezwa kwa Xbox na kwa kompyuta ya Windows. PS4 haikitambui, iwe kwa Bluetooth au kwa waya. Zipo adapta za kampuni nyingine zinazoidanganya mashine ikubali pedi ya kigeni, lakini hizo hutegemea huruma ya sasisho linalofuata. Hata upande wa Xbox wenyewe, kuanzia Novemba 2023 Microsoft ilizuia vifaa visivyo na leseni, na waliokuwa wakitumia adapta za namna hiyo walikutana na ujumbe wa kosa `0x82d60002`. Mtu anayetegemea adapta ili aweze kucheza anaweza kuamka asubuhi akakuta hachezi tena.

Sasa nimjibu mwenye uzi. Kazi yangu ni huduma za utengamao, na nimekaa na vijana kadhaa wenye jeraha linalofanana na la mdogo wako. Usianze na kununua. Anza kwa kuandika ni miondoko gani anayo, kisha uone gemu inahitaji vitufe vingapi, kisha ulinganishe. Anao mkono mzima wa kushoto, maana yake kijiti cha kushoto, L1, L2 na vishale vyote viko mikononi mwake tayari. Kinachokosekana ni vitufe vinne vya kulia pamoja na R1 na R2. Kwenye mpira, kati ya hivyo, vinavyotumika muda wote ni vitatu tu: pasi, shuti na kukimbia.

Jioni ya leo, bila kutoa hata senti, fungua PS4 uende `Settings > Accessibility > Button Assignments` na uwashe mabadiliko ya vitufe. Peleka kazi ya X kwenye L1, na kazi ya duara kwenye L2, kisha vile vya zamani uvipeleke kulia. Kidole gumba cha kushoto kitabaki kwenye kijiti, na kidole cha shahada na cha kati vitapiga pasi na shuti. Kuna jambo moja litakalowachanganya mwanzoni: mabadiliko hayo ni ya mashine nzima, si ya gemu moja, kwa hiyo hata kwenye menyu "kubali" itakuwa L1, ilhali maandishi kwenye skrini yataendelea kuonyesha X. Msidhani imekataa.

Kisha ndani ya gemu lenyewe, tafuta `Auto Switching` na uiweke `Auto`, ili mchezaji abadilishwe bila yeye kubonyeza, kwa kuwa L1 sasa ina kazi nyingine. Mwache acheze hivyo siku tatu halafu urudi utuambie kilichomshinda.

Mama_Ngara

Naomba niingie, ingawa hali yangu ni tofauti. Mimi nina baridi yabisi, vidole vyote vinasogea lakini kushikilia kitufe kwa muda mrefu kunaniumiza hadi usiku silali. Nachezea kompyuta kupitia Steam. Kilichoniokoa si kifaa bali neno moja, `Toggle`. Ukifungua gemu kwenye Steam, ukaingia `Controller Layout`, kila kitufe kina alama ya gia pembeni yake, na humo unaweza kukifanya kitufe kibonyezwe mara moja kikabaki kimeshikwa, ukibonyeza tena kinaachia. Kulenga shabaha, kukimbia, kuinama, vyote nimeviweka hivyo. Je, kwa kijana huyu haiwezi kusaidia kwenye kukimbia?

Mzee_wa_Raskazone

Kijana, usikate tamaa na hospitali. Mishipa ya fahamu siku hizi inaungwa. Kuna mtoto wa jirani yangu alipelekwa nje akarudi anashika kikombe. Kabla ya kununua mitambo ya michezo, mpelekeni tena kwa daktari.

Mwana_Chumbageni

Shikamoo mzee, na ahsante kwa kutujali. Madaktari wameshatuambia kilichowezekana na tunaendelea na kliniki. Hapa naomba tuzungumzie kucheza.

Dada Mama Ngara, nakushukuru, nimelinakili neno hilo.

Ndugu Utengamao, nimerudi baada ya siku nne badala ya tatu. Mipangilio imekubali. Siku ya kwanza alipotea kabisa kwenye menyu, kama ulivyosema, hadi tukabandika kipande cha karatasi chini ya runinga. Siku ya pili alifunga goli. Sasa anapiga pasi vizuri na shuti zinatoka. Kilichobaki ni mbio. R2 iko kulia na hana cha kuibonyezea. Tulijaribu kuweka pedi mapajani ili kigasha kigonge R2, lakini pedi inazunguka na kijiti kinamponyoka. Mpinzani yeyote mwenye mbio anampita kama amesimama. Tulijaribu pia kuihamishia R2 kwenye kubonyeza kijiti cha kushoto chenyewe. Baada ya dakika kumi kidole gumba kiliuma, na kila alipokazana kukimbia mchezaji alipinda njia.

Utengamao_Moshi

Hapo ndipo nilipotaka mfike, kwa sababu sasa unajua unachonunua ni nini: unanunua kitufe kimoja cha kukimbia, na pengine viwili vya ziada, vya kubonyezwa na kigasha au mguu. Hununui pedi mpya nzima.

PS4 ndiyo itakayowabana. Haina mlango rasmi wa swichi ya nje. Kwa hiyo njia ni mbili, na zote zinadai mashine nyingine. Ya kwanza ni PS5 na kifaa chake kiitwacho Access, kilichotoka Desemba 2023 kwa dola 89.99. Ya pili ni Xbox na hiyo Adaptive aliyoitaja KingPedi. Nimewaona watu wakitumia zote mbili. Kwa kigasha kisicholenga vizuri ninapendelea ya Xbox, na nitaeleza sababu.

Access ni duara lenye vitufe vinane vilivyopangwa pembeni kama vipande vya chungwa, na kimoja katikati, pamoja na kijiti kimoja. Mtu anayetumia ngumi au kidole kimoja anakipenda. Lakini kigasha ni kipana, kikishuka kinagonga vitufe viwili au vitatu kwa pamoja. Unaweza kuvizima vile usivyovihitaji, au vyote vya upande mmoja ukavipa kazi ileile, na hata ukaweka kukimbia kuwe bonyeza-mara-moja kama alivyosema Mama Ngara. Pia kina matundu manne ya swichi za nje. Ni kifaa kizuri. Ila kinafanya kazi na PS5 peke yake, hakirudi nyuma kwenye PS4.

Ya Xbox ina urefu wa sentimita 29 na upana wa 13, uzito gramu 552, na visahani vyake viwili vimeachana vya kutosha kigasha kuchagua kimoja. Nyuma ina matundu 19 ya pini ya 3.5 mm, kila kitufe cha pedi na tundu lake, na ubavuni milango miwili ya USB kwa vijiti. Chini ina nyuzi za skrubu za stendi ya kamera. Na Xbox ina mpangilio unaoitwa `Controller assist`, uliokuwa ukiitwa `Copilot` zamani, ambao unazifanya pedi mbili zihesabiwe kuwa moja. Mdogo wako atashika pedi ya kawaida kwa mkono wa kushoto, kifaa hiki kitalala mezani chini ya kigasha cha kulia, na mashine itaona mchezaji mmoja. Mpangilio huo uko `Settings > Accessibility > Controller`. PS5 nayo ilipata kitu kama hicho mwaka 2023.

KingPedi254

Nakubali kosa langu la PS4. Lakini nakumbusha kwamba kile kifaa cha Xbox kinakuja bila swichi yoyote. Unapata ubao na visahani viwili, matundu yote 19 yako wazi. Swichi zinauzwa kando, na nyingine moja tu inafika nusu ya bei ya kifaa chenyewe. Logitech walitoa seti mwaka 2019 yenye vitufe 12 vya aina mbalimbali kwa dola 99.99. Kwa hiyo hesabu yenu iwe dola 200 na si 100.

FundiRedio_Mabibo

Ndugu zangu, swichi isiwatishe. Nimeshatengeneza kadhaa. Tundu la 3.5 mm kwenye kifaa hicho halihitaji umeme wala programu. Linasubiri waya mbili zigusane, basi. Zikigusana kitufe kimebonyezwa, zikiachana kimeachiwa. Pini yenye mistari miwili ya chuma tu, ile ya mono, waya urefu wa mita moja na nusu, na swichi inayojirudi yenyewe ukiiachia.

Swichi nyepesi kuliko zote ninayoijua iko ndani ya mausi mbovu ya kompyuta. Fungua mausi, ng'oa kile kiboksi kidogo kinacholia kwa kubonyeza cha kushoto. Kina miguu mitatu. Mguu wa pembeni mmoja ni wa pamoja, mwingine unakutana nao ukibonyeza, na wa tatu, kwenye baadhi ya swichi hizi, umekutana nao muda wote hadi ubonyeze. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea. Ukilehemu kwenye ule wa tatu, gemu itaona kitufe kimeshikwa tangu mashine inawaka. Kabla ya kulehemu weka mita kwenye mlio, gusa miguu miwili miwili, na chagua jozi iliyo kimya, inayolia ukibonyeza tu. Kiboksi ukishakipata kifiche chini ya kifuniko kipana cha plastiki chenye bawaba ya gundi upande mmoja, ili kigasha kiguse popote.

Na tafadhali, mtu asije akafunga betri au taa yoyote kwenye waya hizo. Tundu hilo si la kupokea umeme.

Zawadi_Kwaya

Nimevutiwa na habari ya swichi ya mguu. Je, pedali ya cherehani ya umeme haiwezi kutumika? Nyumbani tunayo isiyotumika.

FundiRedio_Mabibo

Hapana, dada, hiyo iache kabisa. Pedali ya cherehani imetengenezwa kwa umeme wa ukutani, na ndani haina swichi ya kuwasha na kuzima bali kipunguza mwendo. Hata ukiikata waya na kuifunga pini, itatoa upinzani unaopanda na kushuka, si kugusana safi.

Lakini kwa kuwa jina lako lina kwaya, ninyi mnayo pedali nyingine inayofaa sana. Ile ya kinanda, ya kurefusha sauti. Hiyo ndani ni swichi tupu. Pini yake ni nene, ya 6.35 mm, na adapta ya kuishusha hadi 3.5 mm inapatikana katika maduka mengi ya vifaa vya muziki. Imetengenezwa kukanyagwa usiku kucha na haitelezi sakafuni.

Msafiri_Muscat

Assalamu alaikum. Mimi ni mtu wa Pemba, naishi Muscat. Nimefuatilia uzi huu kwa sababu nilimnunulia binamu yangu kifaa hicho cha Xbox. Nieleze kuhusu kupatikana, maana swali hilo halijajibiwa.

Kwa Tanzania na Kenya sijakikuta dukani rafuni. Microsoft wanakiuza kupitia duka lao la mtandaoni katika nchi ambazo duka hilo linafanya kazi, na Sony nao wanauza Access kwa njia hiyo katika nchi zao. Sisi wengine tunaagiza kupitia ndugu aliyeko Marekani, Uingereza au sehemu nyingine za Ulaya, akaja nacho mkononi. Kina betri ya lithiamu ndani, kwa hiyo kiingie kwenye mzigo wa mkononi. Kebo yake ya USB-C huja nacho kwenye boksi.

Kwa mnaonunua kilichotumika, mwambieni muuzaji apige picha ya nyuma. Hesabu matundu: yakiwa pungufu ya 19, si chenyewe. Kikifika, kiunganishe na kompyuta ya Windows kwa kebo, fungua programu ya `Xbox Accessories`, ruhusu sasisho likitakiwa, halafu chukua swichi moja na uichomeke kila tundu kwa zamu. Cha binamu yangu kilikuwa na tundu moja lililokufa, la kishale cha chini. Hatukulihitaji, lakini nilipunguziwa bei kwa sababu hiyo.

Utengamao_Moshi

Msafiri amenena. Nami niongeze kwa wasio na ndugu nje: shirika la Makers Making Change la Kanada limeweka wazi michoro ya swichi na vishikio, mtu yeyote anaweza kuipakua bure na kuichapisha kwa printa ya 3D. Karakana za ubunifu zenye printa hizo zipo Dar es Salaam, Arusha na Nairobi. Na SpecialEffect ya Uingereza wana video nyingi za kuonyesha jinsi ya kupanga vifaa hivi mezani, ambazo zina faida hata kama hujui Kiingereza, kwa kuwa unaona kwa macho kigasha kinakaa wapi.

Mwana Chumbageni, kabla hujaamua aina ya swichi, chukua mizani ya jikoni. Iweke mezani mahali ambapo swichi itakaa, mwambie akandamize kwa kigasha kwa nguvu anayoweza kuirudia mara ishirini bila kuchoka, na usome gramu. Swichi utakayochagua isidai zaidi ya nusu ya hapo. Fanya hivyohivyo kwa mguu.

Na jambo ambalo familia nyingi hazilifikirii: jeraha lililoua vidole kwa kawaida limepunguza pia hisia upande wa kidole cha mwisho, kuanzia kiganjani hadi kwenye kigasha cha ndani. Upande huohuo ndio unaolala juu ya ukingo wa meza. Hatasikia unapomchubua. Weka kitambaa kilichokunjwa, na baada ya kila saa moja ya kucheza geuza mkono uangalie ngozi. Wekundu ukibaki zaidi ya nusu saa, pumzika siku hiyo na ubadilishe mkao.

Mwana_Chumbageni

Wadau, imepita miezi miwili na nusu na nimerudi na habari kamili, kwa sababu nachukia nyuzi zinazoishia njiani.

PS4 tuliiuza, tukaongeza, tukapata Xbox Series S iliyotumika. Kifaa kilikuja na mke wa mjomba kutoka Uingereza. Mizani ilisoma karibu gramu 600 kwa kigasha, kwa hiyo visahani havikumpa shida hata kidogo. Tumeviweka hivi: cha kushoto pasi, cha kulia shuti, kama vilivyotoka kiwandani, A na B. Mkono wa kushoto unashika pedi ya kawaida, na `Controller assist` imewashwa. Nilidhani ingechukua jioni nzima, ilichukua dakika tano.

Kazi ilikuwa kwenye mbio. Tuliazima pedali ya kinanda kwa rafiki, tukaipitishia adapta, tukaichomeka kwenye tundu la RT. Tulipowasha gemu, mchezaji akaanza kukimbia mwenyewe, na kila mdogo wangu alipokanyaga alisimama. Tukafikiri kifaa ni kibovu. Nilichomoa pedali, akaacha kukimbia. Nikairudisha, akakimbia. Nikakumbuka maneno ya fundi kuhusu mguu wa tatu wa swichi ya mausi, nikaigeuza pedali, na chini yake kulikuwa na kiswichi kidogo sana cha kuteleza. Nilikisogeza upande wa pili kwa ncha ya kalamu. Tangu hapo anakanyaga anakimbia, anaachia anatembea.

Meza nayo ilitusumbua. Kifaa kiliteleza mbele kila alipopiga shuti kwa hasira. Tulijaribu gundi ya pande mbili, ikashika siku mbili tu. Sasa kimefungwa kwa skrubu ya stendi ya kamera iliyopita kwenye ubao, na ubao umebanwa mezani. Kitambaa kipo, na ngozi naikagua mwenyewe.

Jumamosi alimfunga binamu yetu 3 kwa 1.

FundiRedio_Mabibo

Allah ambariki. Umelitatua kama fundi. Vinanda vingi hupima pedali vinapowashwa na kujirekebisha, ndiyo maana kwaya hawaoni tofauti. Kifaa cha Xbox hakifanyi hivyo, kinasoma kilichopo. Wenye pedali isiyo na kiswichi chini watalazimika kuifungua na kuhamisha waya.

BandaLaGemu_Mza

Nimefurahi kusoma. Nina banda la gemu Mwanza na kila mwezi tunafanya mashindano. Nina swali gumu kidogo. Kijana kama huyu akija na pedi mbili, kisahani na pedali, wenzake watalalamika kwamba ana faida. Nimruhusu?

KingPedi254

Mimi naona aruhusiwe, lakini pedi zenye kubonyeza kwa kasi zenyewe zizuiwe kwa kila mtu. Vifaa vingine vya nje vinaweza kupangwa hivyo, na hapo si haki tena.

Utengamao_Moshi

Pedali yake inabonyeza mara moja kwa mguu mmoja, kama R2 ya mwingine. Kagua kwenye `Xbox Accessories` kitufe gani kimepewa kazi gani, mbele ya wote, kisha acheze. Kuhusu misaada ya ndani ya gemu, kama kubadilishwa mchezaji moja kwa moja, hapo ndipo nisipokuwa na jibu lililonyooka. Wengine wanaizima kwenye mashindano, na kwa mtu aliyepoteza mkono mmoja kuizima ni kumtoa nje.

BandaLaGemu_Mza

Hilo la mwisho nitalipeleka kwa wachezaji wenyewe kabla ya mashindano yajayo. Kwa upande wangu nimeshaamua pedali iruhusiwe.

Mwana_Chumbageni

Ahsante, kaka wa Mwanza. Nina swali moja lililobaki kwa fundi. Sasa anataka krosi, yaani kitufe cha X cha Xbox, na kigasha kimeshajaa visahani viwili. Goti la kulia liko huru chini ya meza na linapanda vizuri. Nikitengeneza swichi ya mausi nikaibandika chini ya ubao wa meza, ataigonga kwa goti. Tatizo ni kwamba goti lina nguvu, naogopa atakivunja kiboksi kile siku ya kwanza.

FundiRedio_Mabibo

Atakivunja kweli. Kwa goti achana na ya mausi, tumia kitufe cha mashine za gemu za zamani, kile cha duara cha milimita 30, nacho kikiwa na miguu mitatu kama ilivyo kwa mausi, mita kwanza. Usikibandike moja kwa moja chini ya meza. Kikate kipande cha sponji ya godoro unene wa sentimita tatu, kitoboe katikati, kitufe kikae ndani ya tundu huku kichwa chake kikizidi sponji kwa nusu sentimita tu. Goti litabonyeza kitufe, kisha litakutana na sponji na kuishia hapo. Pima urefu kutoka goti lake hadi chini ya ubao akiwa amekaa kwenye kiti anachochezea, viatu vikiwa vimevuliwa kama anavyocheza, uniletee kipimo.

Mwana_Chumbageni

Nimepima sasa hivi. Ni sentimita 9.

FundiRedio_Mabibo

Basi shusha kitufe kwa kipande cha mbao cha sentimita 4 kabla ya sponji, ili goti lisafiri kidogo tu. Likisafiri zaidi ya sentimita mbili, kisigino kitanyanyuka na mguu mwingine utapoteza pedali.